Walinipa watazamaji, wasikilizaji hawakuja

Kwa miezi kadhaa nimeilipa kampuni moja inikatie audiogramu za podikasti yangu, na leo nimechoka kunyamaza. Kazi yao ni kusikiliza kipindi, kuchagua sehemu moja, kuiwekea picha, mawimbi ya sauti na maandishi, kisha kunipa video fupi ya kurusha mitandaoni. Maandishi wanayapatia, hilo siwanyimi. Lakini kuchagua sehemu? Hapo ndipo waliponichosha.

Chukueni kipindi nilichomhoji mzimamoto mstaafu. Saa nzima ya mambo mazito, wao wakakata pale tunapoangua kicheko kuhusu buti zake za kwanza zilizompwaya. Inachekesha, ndiyo, ila kicheko kikiisha hakuna swali linalobaki. Mtu ameshacheka, anasogeza kidole, anaenda zake. Tena kipande kinaanza na mgeni akisema "sasa yule akaniambia". Asiyesikia kipindi atajuaje yule ni nani?

Sehemu niliyoitaka mimi ilikuwa mwanzoni kabisa mwa mazungumzo. Mgeni anasema: "Ukiamka usiku kuna moshi, usikimbilie kitasa. Weka kwanza mgongo wa mkono kwenye mlango, si kiganja." Namuuliza: "Kwa nini mgongo?" Katia hapo hapo! Sentensi zinajitegemea, hatari inaonekana, na jibu liko kwenye kipindi: mkono ukiungua mgongoni, kiganja bado kitakusaidia kushika na kutambaa. Na kwa kuwa jibu liko karibu na mwanzo, msikilizaji mpya anayeanza sekunde ya kwanza atalifikia kabla hajachoka. Lingekuwa dakika ya 50, wengi wangeondoka njiani.

Nikawaomba wabadilishe. Kijana anayeshughulikia wateja akanipigia, sauti juu: "Dada, kile kipande kimetazamwa mara zaidi ya 10,000. Unataka nini tena?" Nikamweleza kwamba Facebook, kwa mfano, kwa miaka mingi ilihesabu mtazamo video ikichezwa sekunde 3, na video zenyewe hujicheza mtu akipita tu. Upakuaji wa podikasti kwa mwongozo wa IAB Tech Lab, shirika linaloweka viwango vya matangazo ya mtandaoni, hauhesabiwi mpaka angalau dakika moja ya sauti iwe imeshuka, na kifaa kilekile kikirudia ndani ya saa 24 huhesabiwa mara moja. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Akasema hayo ni mambo ya mafundi, akakata simu. Mteja anayekulipa unamkatia simu?

Kuna jambo jingine linaloniudhi kwenye ripoti zao. Kipande hurushwa siku ileile kipindi kinapotoka, siku ambayo namba hupanda zenyewe kwa sababu simu za wafuasi wa zamani hupakua bila kuguswa. Kisha wao wanajipa sifa ya mlima huo.

Basi nikapima mwenyewe. Nilingoja mpaka kipindi kikawa cha zamani, grafu imelala, maana hapo hata mwinuko mdogo unaonekana. Nikarusha kicheko kwanza. Grafu ilipotulia tena, nikarusha mlango, siku ileile ya wiki na saa ileile. Kila kipande kilikuwa na mkia wake kwenye linki, wa kuonyesha mbofyo umetoka kipande kipi:

```
?utm_source=facebook&utm_content=kicheko
?utm_source=facebook&utm_content=mlango
```

Kicheko kilitazamwa sana, grafu haikutikisika. Mlango ulitazamwa chini ya nusu yake, lakini upakuaji wa kipindi kile cha zamani ulipanda na kukaa juu siku kadhaa. Kwenye grafu ya usikilizaji, wengi walivuka pale penye jibu. Nikarudia kwa kipindi kingine, safari hii nikitanguliza kipande chenye swali, nisije nikadanganywa na mpangilio. Mwelekeo ukawa uleule. Mibofyo ya linki peke yake nisingeitegemea: mtu akishahamia kwenye programu ya kusikilizia, nyayo zake zinapotea, na wengine hutafuta jina la podikasti bila kugusa linki kabisa. Upakuaji wa kipindi cha zamani ndio shahidi niliyemwamini.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiwape hata senti. Nikifikiria yale maandishi safi, yanayosomeka hata simu ikiwa kimya, naona mtu anaweza kuwatumia, mradi achague sehemu mwenyewe na kuwatumia dakika na sekunde kamili za kuanzia na kuishia.

Lakini hapana. Nilimpelekea yule kijana grafu zote, pamoja na za kipindi cha pili, akajibu neno moja: "Bahati." Halafu wiki hiyohiyo wakaniletea kipande kipya, kicheko tena, kimeanzia katikati ya sentensi. Nafuta nilichosema hapo juu. Msiwape kazi. Mimi nimeshawaandikia kwamba nasitisha mkataba.