TAHADHARI: Barua pepe ya "masharti mapya ya bei ya jumla" kutoka kiwandani ni ya wezi, mimi nimeshaliwa

Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, someni hii kabla hamjalipa ankara yoyote wiki hii. Nimeibiwa. Nimelipa ankara 3 pamoja na amana ya oda mpya, pesa yote ikaingia kwa mwizi, na aliyebonyeza ni mimi mwenyewe. Na mjue pesa hii ndiyo iliyokuwa imebaki.

Ilikuwa Jumanne jioni. Nilikuwa nafunga duka, napima misumari iliyobaki, simu iko juu ya mizani. Ikaingia barua pepe kutoka idara ya mauzo ya kiwanda ninachonunua kwake kufuli, bawaba na vitasa miaka 9 sasa. Haikuja peke yake kama barua ya mtu baki. Ilijipanga chini ya mazungumzo yetu yale yale ya wiki mbili nyuma, yale ya kufuli za milimita 50, katoni 6 zilizokuja na funguo zisizoingia. Maneno yangu ya kulalamika yalikuwa pale chini, majibu yao yapo, namba ya oda ipo. Na barua ilianza hivi: "Pole tena kwa zile katoni 6 za kufuli, mbadala wake utakuja na mzigo ujao bila malipo."

Nawaulizeni, nani angeshuku? Habari ya kufuli zile tuliijua watu watatu tu: mimi, kijana wangu wa hesabu, na yule dada wa mauzo kiwandani. Mtu anayekupa pole kwa jambo lako la ndani humwulizi wewe ni nani.

Halafu ndiyo yakaja masharti. Waliandika kwamba kuanzia Jumatatu mkopo wa siku 30 unageuka kuwa siku 60, na kikomo cha mkopo kinakuwa mara mbili. Atakayemaliza salio lake lote kabla ya Ijumaa atakatiwa asilimia 4. Oda mpya itahitaji amana ya asilimia 30. Malipo yaende akaunti mpya kwa sababu mauzo ya jumla yamehamishiwa kampuni dada ya usambazaji. Wakaambatanisha karatasi yenye nembo, mhuri, na orodha ya ankara zangu 3 ambazo sijalipa, namba kwa namba, tarehe kwa tarehe, hadi senti ya mwisho. Nilichukua daftari langu nikalinganisha. Zililingana zote. Hapo ndipo nilipokwisha.

Usiku ule nililala nikipiga hesabu. Siku 60 zina maana gani kwangu mnajua: mafundi wananilipa mwisho wa mwezi, tena kwa kuvutana, na kiwanda kinanidai siku ya 30, kwa hiyo kila mwezi nakopa huku nikalipe kule. Nikaona mlango umefunguka. Jumatano saa nne asubuhi nikalipa. Nilikunja macho kuona jina la akaunti, nikaona si jina la kiwanda, nikajiambia ndiyo hiyo kampuni dada. Nikatuma picha ya risiti. Wakajibu baada ya dakika 7 kwa adabu kubwa: "Tumepokea, asante kwa uaminifu wako wa miaka mingi."

Sasa sikilizeni walivyonifunga mdomo, maana hili ndilo linalonichoma zaidi. Lori la kiwanda huja kwangu kila Alhamisi ya pili. Mwizi alilijua hilo. Kwenye barua ile ile aliandika kwamba ratiba ya mizigo inabadilika kwa ajili ya kuhesabu mali ghalani, mzigo wangu utatoka baada ya siku 12, na kwa wiki hiyo simu za ghala hazitapokelewa, maswali yote yaje kwa barua pepe. Kwa hiyo Alhamisi ilipofika bila lori sikushtuka. Nilikuwa nimeshaambiwa. Ratiba ile ilikuwepo ili mimi nikae kimya siku 12 huku pesa inakimbizwa.

Siku ya 13 nikapiga simu. Yule dada wa mauzo akanijibu kwa sauti ambayo hajawahi kunijibu nayo: "Mzee, mkopo wako tumeusimamisha. Ankara 2 zimepita siku 30 na tumekutumia vikumbusho mara 3." Nikamwambia nimelipa zote. Akanyamaza. Kisha akasema, "Umelipa wapi?" Mikono ilinitoka jasho, nikakaa kwenye gunia la saruji palepale.

Benki waliniambia pesa ilihama kutoka akaunti ile siku iliyofuata tu. Wangeweza kujaribu kuizuia kama ningekwenda siku ile ile, au kesho yake asubuhi. Siku 13 ni kama hukwenda. Na benki yangu ilipeleka pesa kwa kufuata namba ya akaunti, jina halikulinganishwa na la kiwanda. Kiwanda nacho hakitambui malipo yale, deni langu bado liko pale pale. Ina maana nalipa mara mbili mzigo ambao nusu yake nimeshauuza, na mpaka nimalize siruhusiwi kuchukua hata boksi moja la skrubu kwa mkopo.

Alijuaje ankara zangu? Kijana mmoja wa kompyuta alikuja kunifungulia barua pepe za duka. Wiki kadhaa nyuma kijana wangu wa hesabu alipokea kitu kinachoitwa orodha mpya ya bei, akabonyeza, ukurasa ukamwomba aingize nywila, akaingiza. Basi. Tangu siku hiyo mwizi alikuwa ndani anasoma kila kitu nasi. Na alikuwa ameweka kanuni kwenye Outlook: barua yoyote ya kiwanda yenye neno "ankara" au "kikumbusho" ihamishwe yenyewe kwenda kwenye folda ya `RSS Feeds`. Mimi folda hiyo sijawahi kuifungua tangu nizaliwe. Vile vikumbusho 3 vilikuwa vimelala humo, vya kweli kabisa, vinanisubiri.

Kijana wa hesabu nilitaka kumfukuza. Sijamfukuza. Lakini huyo mwizi, wallahi, nikimpata! Mtu anakaa kwenye kiti anasoma mawasiliano yako wiki nzima, anajua siku ya lori lako, anajua una shida gani ya mzunguko wa pesa, halafu anakutengenezea sharti la kukuliza. Huyo afungwe, na siyo miezi. Auziwe kila alichonacho turudishiwe. Na mwenye akaunti iliyopokea naye asiseme alikopesha tu jina lake, akamatwe pia, bila wao hii kazi haifanyiki. Na benki iliyofungulia mtu akaunti ya namna hiyo iulizwe ilikagua nini. Polisi nimewapa namba ya akaunti na barua zote. Nawafuata kila siku, sitachoka.

Haya, dalili. Naziandika huku hasira bado iko juu, mnisamehe zisipokaa sawa.

Anwani. Jina la kiwanda hapa nimelibadilisha, lakini mchezo ni huu. Mstari wa juu ni wa kweli, wa chini ni wa mwizi:

```
mauzo@chuma.example
mauzo@churna.example
```

Angalieni tena. Ule wa pili hauna m, una r na n zimebanana. Kwenye simu huoni kitu, na simu yenyewe hukuonyesha "Idara ya Mauzo" tu, anwani imejificha mpaka uguse jina. Nilimuuliza yule kijana kwa nini barua haikuwekewa alama ya hatari. Akafungua maelezo ya ndani ya barua, tukakuta imeandikwa `spf=pass` na `dkim=pass`. Akanieleza kwamba alama hizo zinathibitisha tu kuwa barua imetoka kweli kwenye anwani inayojitaja. Na anwani ile ni ya mwizi, ameinunua kihalali, ilikuwa imesajiliwa siku 16 tu kabla sijalipa. Kwa hiyo usitegemee kompyuta ikushitue.

Masharti yenyewe. Hili nilipaswa kuliona mimi, si kijana wa kompyuta, na ndilo linaloniumiza kama mfanyabiashara. Kiwanda kinachotaka pesa haraka hutoa punguzo kwa anayewahi: kawaida tunaona asilimia 2 ukilipa ndani ya siku 10, la sivyo lipa yote siku ya 30. Ndogo? Asilimia 2 kwa kuwahi siku 20 tu ni sawa na riba ya asilimia 37 hivi kwa mwaka, ndiyo maana hakuna kiwanda kinachoigawa ovyo. Huyu alinipa asilimia 4, na hapo hapo akanirefushia mkopo hadi siku 60 na kukiongeza kikomo mara mbili. Anayehitaji pesa leo harefushi mkopo, na anayeweza kungoja siku 60 halipii ili umlipe Ijumaa. Tena masharti mapya huanza na oda mpya. Ya kwake yaligusa ankara zilizokwisha kutolewa, ambazo kila moja ina siku zake 30 zimeandikwa juu yake.

Akaunti mpya, hata ije na mhuri wa dhahabu, pigeni simu. Siyo namba iliyo kwenye barua hiyo, hiyo inapokelewa na yeye mwenyewe. Chukueni iliyo kwenye hati ya zamani ya kupokelea mzigo, au ya dereva mnayemjua, au iliyochapwa kwenye katoni. Na barua ikisema simu hazitapokelewa, pigeni papo hapo.

Fungueni pia barua pepe za duka leo, nendeni kwenye mipangilio, sehemu ya `Rules` na `Forwarding`. Mkikuta kanuni hamkuiweka ninyi, badilisheni nywila kwanza, ondoeni vifaa vyote vilivyoingia, washeni uthibitisho wa hatua mbili, ndipo muifute. Lakini ipigeni picha kabla ya kuifuta, polisi wanaitaka.

Dada wa mauzo aliniambia jana kwamba duka jingine nalo limeuliza habari ya "kampuni dada". Hawakuwa wamelipa bado. Kama ni wewe unasoma, au umepata barua inayotaja siku 60 na mzigo wa baada ya siku 12, usiijibu na usiifute, niandikie leo usiku. Niko macho.