Siku nne na smatihosti: paswedi ilikuwa sahihi tangu mwanzo

Nianze na nyota za hawa wa huduma ya kupeleka barua pepe: nimewapa mbili. Nilitaka kuwapa moja, nikala kwanza, hasira ikashuka kidogo. Huko chini mtaona nimeyumba, mnivumilie.

Ofisi yetu ni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Tuna seva moja tu, iko chini ya meza ya mhasibu, na kila jioni programu ya hesabu inatengeneza ankara na kuikabidhi Postfix, programu ya barua pepe, izipeleke kwa wateja. Ilienda hivyo miaka, mpaka tulipohamia kampuni nyingine ya intaneti. Tangu siku hiyo hakuna ankara hata moja iliyotoka, na hakuna aliyejua, kwa sababu Postfix haina kelele. Poti 25, njia ambayo seva za barua hupelekeana, ikizibwa inaandika `Connection timed out` kwenye logi, inaweka barua kwenye foleni, inajaribu tena na tena, na usipoibadilisha inangoja siku 5 nzima ndipo imwambie mtumaji kwamba imeshindwa. Mtumaji mwenyewe ni programu. Nani angesoma?

Bosi ndiye aliyenishtua: "Mdogo wangu, mbona wateja wanasema hawajaona ankara?" Nikapiga `postqueue -p`, mistari ikapita kama mabehewa.

Nikawapigia watu wa intaneti. Dada aliyepokea hakuzunguka: "Kaka, poti 25 hatumfungulii mtu kwenye laini hizi." Nilikasirika, ila kwa haki yake, hata angeifungua isingenisaidia sana. Anwani yetu ya IP inabadilika-badilika, rekodi yake ya PTR, ile inayotaja jina la anwani, iko mikononi mwao, na nilipoiangalia kwa Spamhaus, wale wanaoorodhesha anwani zisizoaminika kwa barua, niliikuta kwenye orodha ya PBL. Orodha hiyo haisemi kwamba umetuma takataka. Inasema tu kwamba anwani za aina hii hazitakiwi kupeleka barua moja kwa moja kwa seva za watu. Dawa ni kumkabidhi mwenye anwani inayoaminika apeleke yeye, kupitia poti 587, kwa jina na paswedi. Hiyo ndiyo smatihosti, na huduma niliyolipia ndiyo hiyo ninayoipa nyota hapa.

Kwenye `/etc/postfix/main.cf` nikaandika kama mwongozo wao ulivyosema:

```
relayhost = [smtp.example.com]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_tls_security_level = encrypt
```

Faili la paswedi nalo:

```
[smtp.example.com]:587 jina:paswedi
```

Mabano hayo ya mraba yaangalieni. Yanaiambia Postfix iende kwenye seva hiyo hiyo, isitafute rekodi ya MX, ile inayotaja seva ya kupokea barua za jina hilo. Na yakiwepo kwenye faili moja lazima yawepo na kwenye lingine, herufi kwa herufi, la sivyo paswedi haipatikani na barua inagonga mlango bila kitambulisho. Hapo sikukosea. Nikapiga `postmap`, nikalifunga faili kwa `chmod 600`, nikaiwasha upya Postfix, nikatuma barua ya majaribio. Logi ikanijibu:

```
warning: SASL authentication failure: No worthy mechs found
```

Nikafungua tiketi, nikabandika mstari huo. Jibu: "Ndugu mteja, hakikisha paswedi yako ni sahihi." Nikahakikisha. Nikaandika tena. "Ndugu mteja, tunashauri ubadilishe paswedi." Nikabadilisha, `postmap` tena, mstari ule ule. Siku ya pili ikaisha hivyo, mhasibu anatuma ankara kwa WhatsApp moja moja, akinitazama kila anapobonyeza.

Mara ya tatu niliandika kwa herufi kubwa, sijivunii. Jibu likaja fupi, bila hata ndugu mteja: "Kwetu hatuoni jaribio lolote la kuingia kwa jina lako. Kagua seva yako." Nilivyoona hilo nikaona ni dharau. Nikafunga kompyuta nikaenda nyumbani.

Usiku ndipo lilipoingia. Kama hawaoni jaribio, basi paswedi haijawahi kuondoka kwangu! Kama ingekuwa na kosa, wangeiona na kuikataa, na logi ingeonyesha namba 535. Yule mtu mkavu alikuwa amenipa jibu, mimi nikalisoma kama tusi.

Asubuhi nikapiga `postconf -d smtp_sasl_security_options`. Ikatoka `noplaintext, noanonymous`. Yaani Postfix kwa kawaida yake haikubali kutumia njia ya kuingia inayotuma paswedi wazi, hata kama mazungumzo yote yamefichwa ndani ya TLS. Seva yao inatoa PLAIN na LOGIN tu, njia mbili za aina hiyo hiyo. Kwa hiyo Postfix ilitazama kilichopo, ikaona hakuna kinachofaa, ikanyamaza. Nikaongeza:

```
smtp_sasl_security_options = noanonymous
```

Nikatuma. Kosa lile lile, neno kwa neno. Nikaufuta mstari kwa hasira.

Na hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Kulikuwa na tatizo la pili linalosema maneno yale yale. Seva yetu ni Debian, na aliyeisimika alibana nafasi, akaacha kifurushi cha `libsasl2-modules`, ambacho ndicho chenye PLAIN na LOGIN zenyewe. Nilipokigundua mchana nikakisimika, nikatuma, kosa likabaki. Bila shaka lilibaki, ule mstari si nilikuwa nimeufuta? Nilizunguka kati ya vitu hivyo viwili mpaka siku ya nne, kila nikitengeneza kimoja nakuta kingine nimekiharibu, kabla sijaviweka vyote pamoja. `status=sent`. Nilipiga meza, mhasibu akaruka.

Kwa hiyo nyota zipande? Nilishaandika nne. Huduma yenyewe tangu hapo haijakwama, na Gmail haizitupi barua zetu kwenye takataka, baada ya kuongeza jina lao kwenye rekodi yetu ya SPF, ile inayotaja nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina letu. Lakini nikikumbuka kwamba mwongozo wao una mistari minne ambayo kwenye Postfix isiyoguswa haiwezi kufanya kazi na seva yao wenyewe, damu inachemka. Mstari mmoja tu ulikosekana! Na mtu wa tiketi ya kwanza na ya pili hakuusoma mstari niliobandika, alisoma neno "authentication" akaishia hapo. Tatu basi. Yule wa tatu angekuwa na kampuni yake, ningempa tano.

Halafu kuna kosa ambalo siwezi kuwabebesha wao. Kwa furaha nilipiga `postqueue -f` kusukuma foleni yote, bila kuitazama kwanza. Ankara zote ambazo hazijatimiza siku 5 zikaondoka kwa mpigo, pamoja na zile ambazo mhasibu alishazituma kwa WhatsApp na watu wakalipa. `postsuper -d` ingezifuta moja moja kwa namba zake, ila nilikumbuka hivyo simu ya kwanza ilipolia. Alikuwa mteja wa Kariakoo, anauliza kama tumeanza kudai mara mbili. Mhasibu akanipa simu, akasema, "Ongea naye wewe, fundi."