Kipimo cha pH kilivyonizuia kumwaga chokaa kwenye milimau yangu

Milimau yangu miwili hapa Ipagala, Dodoma, ilianza kugeuka njano: majani machanga yalipauka huku mishipa yake ikibaki kijani. Jirani akanishauri niweke chokaa. Kabla ya kununua, nikaagiza kile kipimo cha rangi kinachoonyesha pH, yaani kiwango cha tindikali ya udongo (namba ikishuka, tindikali huzidi), chenye kichupa, unga mweupe, dawa ya matone na kadi ya rangi.

Nilichimba sehemu tano kuzunguka kila mti, kina cha sentimita 15, nikachanganya na kuanika kivulini. Mara ya kwanza nilitumia maji ya kisima, rangi ikaja ya pH 8. Maji ya kisima chetu ni magumu, hata birika linaota ukoko mweupe, kwa hiyo nikarudia kwa maji ya mvua niliyokinga. Safari hii ikasoma 7.5. Udongo wetu mwekundu huchafua maji, basi subiri utuame kabisa, kisha linganisha rangi nje mchana, si chini ya taa.

Mlimau hupenda pH kati ya 6 na 7. Juu ya hapo chuma kipo udongoni lakini mizizi haikipati, ndiyo ile njano. Chokaa ingepandisha pH zaidi. Hiyo ni ya udongo wenye tindikali, tuseme kipimo kikisoma 5, na iwe chokaa ya kilimo.

Ili kushusha pH nikanunua salfa ya unga, ile wakulima wa zabibu wanayotumia dhidi ya ubwiriunga. Kwanza nikadondosha siki kwenye udongo mkavu wa kila mti. Wa mti ulio karibu na ukuta ulitoa povu, dalili kwamba una chokaa ndani yake. Hapo ndipo fundi alipokorogea saruji, vipande vyake bado vimo. Udongo wa namna hiyo humeza salfa yote na pH isishuke, kwa hiyo pale sikuweka. Wa pili haukutoa povu. Mwishoni mwa Novemba nikajifunga kitambaa puani, nikaweka gramu 60 kwa mita moja ya mraba kwenye duara la mita tatu za mraba, jumla gramu 180, mbali kidogo na shina, nikachanganya na udongo wa juu.

Salfa hubadilishwa na vijidudu vya udongoni, navyo vinahitaji unyevu. Ukiweka Julai bila kumwagilia, italala tu. Nilipopima tena mwishoni mwa Aprili, ilisoma 7. Majani mapya yametoka kijani, ya zamani yamebaki njano.

Kipimo nakipenda, ila kinasoma kwa nusu nusu, na hakikuambii uweke salfa kiasi gani. Ndiyo maana nilianza na dozi ndogo. Ule mti wa ukutani bado ni wa njano. Natoa vipande vya saruji na kuweka mboji kwanza.