FFmpeg na nembo kwenye folda nzima ya video: uzoefu wangu

Ninahariri video za mafunzo ya ushonaji, na kila moja lazima iwe na nembo ya darasa kwenye kona ya chini kulia kabla haijatumwa kwa wanafunzi. Zamani nilizifungua moja moja kwenye programu ya kuhariri, nikaburuta nembo hadi mahali pake, kisha nikahifadhi. Sasa kazi hiyo naiachia FFmpeg, programu huria ya bure isiyo na madirisha wala vitufe, ambayo hupokea maagizo yake kwa maandishi. Amri ninayoitumia kwenye Linux ni hii:

```
mkdir -p nje
for f in *.mp4; do
  ffmpeg -n -i "$f" -i nembo.png -filter_complex "[1:v]scale=200:-1[n];[0:v][n]overlay=W-w-30:H-h-30" -c:v libx264 -crf 20 -c:a copy "nje/$f"
done
```

Inatisha kwa macho, lakini ukiisoma polepole inaeleweka. Mstari wa `for` huchukua kila faili linaloishia na `.mp4`, na alama za nukuu zinazozunguka `$f` ndizo zinazolinda majina yenye nafasi, kama vile "somo la kola.mp4", yasikatwe vipande vipande. Kisha nembo inapunguzwa hadi upana wa pikseli 200, na urefu wake unafuata wenyewe. Sehemu ninayoipenda zaidi ni `W-w-30`: herufi kubwa ni upana wa video, ndogo ni upana wa nembo, kwa hiyo programu yenyewe inapiga hesabu ya mahali pa kuiweka ili ibaki pikseli 30 kutoka ukingoni. Video ikiwa imesimama au imelala, nembo haikosi kona yake. Nembo iwe PNG yenye mandharinyuma angavu, yaani yasiyo na rangi yoyote, ili video ionekane nyuma yake. Ukitumia JPEG, utaona kisanduku cheupe juu ya kitambaa.

Kuipata kona hakutoshi, hata hivyo, kwa sababu ukubwa wa nembo umefungwa kwenye pikseli 200. Kwenye video yenye upana wa pikseli 1920 inachukua takriban sehemu moja ya kumi ya upana, na inapendeza. Kwenye video ndogo ya pikseli 640, iliyopokelewa kwa simu, nembo hiyohiyo inafunika karibu theluthi moja ya upana, na katika somo la kushona lupu hapo ndipo mikono ya fundi ilipo. Kwa hiyo huzitenga video ndogo kwenye folda yake, nikaandika `scale=66:-1` badala ya 200, na pambizo la 10 badala ya 30. Kabla ya kuachia folda nzima, naongeza `-t 10` mbele ya jina la faili la matokeo ili nipate sekunde kumi tu za kila video, naziangalia, kisha nazifuta.

Jambo la pili la kuzingatia ni ubora. Sauti inanakiliwa ilivyo, lakini picha lazima iandikwe upya, kwa kuwa nembo inaingia ndani ya picha yenyewe na haiwezi kuondolewa baadaye. Ubora huo hupangwa na `-crf`: namba ikipungua, ubora huongezeka, na isipotajwa huwa 23. Nimechagua 20 kwa sababu nyuzi na mishono midogo hubaki ikionekana, ingawa mafaili huwa mazito kidogo. Ndiyo maana pia asili siziweki hatarini: matokeo yote huenda kwenye folda ya `nje`, na FFmpeg yenyewe hukataa kuandika juu ya faili inalolisoma.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, `-n` ndiyo mkombozi, kwani ukirudia amri, mafaili yaliyokwisha kuwepo yanarukwa. Ila kuna mtego: faili lililokuwa likiandikwa wakati huo nalo lipo kwenye folda, kwa hiyo litarukwa pia, nalo ni bovu. Faili la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, hivyo lililokatishwa halifunguki kabisa, na FFmpeg ikijaribu kulisoma husema `moov atom not found`. Lifute hilo la mwisho kwanza, ndipo uendelee.

Kamera nyingine huandika `.MP4` kwa herufi kubwa, na Linux huyaona hayo kuwa majina tofauti, kwa hiyo mafaili hayo yanaachwa bila onyo lolote. Kila kazi ikiisha, linganisha idadi ya video za folda ya asili na za folda ya `nje`. Anayetumia Windows, kwenye Command Prompt, ataandika `mkdir nje`, kisha `for %f in (*.mp4) do` na amri ya `ffmpeg` kwenye mstari mmoja bila `done`, na kutumia `%f` mahali pa `$f`, na akiihifadhi amri kwenye faili la `.bat`, ataandika `%%f`.