Kupanga kaunta: wastani peke yake au Poisson?

Tuchukue duka la rejareja Kawangware linalopata wastani wa wateja 6 kwa saa, na muuzaji mmoja anayeweza kuhudumia 8. Anayeangalia wastani peke yake ataridhika: nafasi 2 zinabaki, msaidizi wa nini? Poisson, kanuni inayotoa uwezekano P(k) wa wateja k kuja katika saa moja, inaonyesha mengine.

P(k) = e^(-6) × 6^k / k!

Ukiweka k = 6 unapata 0.161. Yaani wateja 6 kamili huja katika saa 16 hivi kati ya 100. Jumlisha k kuanzia 0 hadi 8, utapata 0.847, kwa hiyo uwezekano wa kuzidi 8 ni 0.153. Kwa duka linalofunguliwa saa 13, hizo ni kama saa 2 kila siku ambazo muuzaji analemewa.

Mimi nachagua Poisson, mradi kila mteja aje kivyake na kasi isibadilike. Jioni matatu zikishusha watu wanaotoka kazini, kasi hupanda. Kokotoa wastani wa miraba ya tofauti kati ya hesabu ya kila saa na 6. Kasi isipobadilika, Poisson hutarajia uwe karibu na 6. Ukizidi 6 kwa mbali, zipe saa za jioni wastani wake.