Miezi mitatu na plagini ya kulinganisha vichwa viwili vya makala: uzoefu wangu kutoka Kigoma

Blogu yangu inahusu dagaa na migebuka: bei za mwaloni Kibirizi, usafirishaji, na namna ya kukausha na kuhifadhi. Ukurasa wa mbele unapata wageni kama 60 kwa siku. Hao 60 ndio msingi wa yote nitakayoyaeleza, kwa sababu plagini hizi zimetengenezwa kana kwamba kila mwenye blogu ana wageni maelfu.

Kabla ya plagini nilikuwa nalinganisha kwa mkono. Wiki moja naweka kichwa hiki, wiki inayofuata nabadilisha, kisha naangalia kipi kilifunguliwa zaidi. Safari moja kichwa cha pili kilipata wasomaji karibu maradufu, nikafurahi sana. Nikamwonyesha shemeji yangu, anayeuza dagaa soko la Mwanga. Akaniambia: “Shemeji, wiki ile ya kwanza mwezi ulikuwa unawaka. Nani angetafuta bei ya dagaa wakati mitumbwi imelala?” Alikuwa sahihi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika, na wanunuzi wangu wanapumzika nao. Nilichopima hakikuwa kichwa, kilikuwa mwezi.

Hapo ndipo plagini inapostahili sifa. Inagawa wageni wa wakati uleule: huyu anaona kichwa A, yule anaona B, na mtu akirudi kesho anaonyeshwa kile alichokiona jana. Giza, mbalamwezi, mwisho wa mwezi, umeme kukatika, vyote vinaviangukia vichwa vyote viwili kwa pamoja. Kwa kazi hiyo naipa alama zote.

Tatizo langu nayo ni pale inapotangaza mshindi.

Jaribio la kwanza lilikuwa hili. A: “Bei ya dagaa Kibirizi wiki hii”. B: “Kwa nini dagaa wamepanda bei Kibirizi”. Baada ya wiki moja, A kilikuwa kimeonyeshwa kwa watu 212 na kubofywa na 11. B kilionyeshwa kwa 208, kikabofywa na 19. Plagini ikaweka alama ya kijani kwenye B na kuandika kuwa ni bora kwa asilimia 76. Hesabu hiyo haina kosa, kwa maana 9.1 kwa mia kweli inaizidi 5.2 kwa mia kwa kiasi hicho. Lakini asilimia 76 yote imejengwa juu ya watu wanane.

Kuna kipimo ambacho sasa nakitumia kila mara, na kwacho inatosha simu yenye kikokotoo. Jumlisha mibofyo ya pande zote mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 2. Tofauti ya mibofyo ikiwa ndogo kuliko jibu hilo, ichukulie kuwa inaweza kuwa bahati tu. Hapa 11 na 19 ni 30. Kipeuo chake ni karibu 5.5, mara 2 ni 11. Tofauti yangu ilikuwa 8. Haijafika. Kipimo hiki kinafaa pale pande zote zimeonyeshwa kwa idadi inayokaribiana na wanaobofya ni sehemu ndogo ya walioona. Upande mmoja ukiwa na mibofyo chini ya kumi, hata chenyewe usikiamini sana.

Sikuridhika na hesabu peke yake, nilitaka nione kwa macho. Nikaweka jaribio lenye kichwa kilekile pande zote mbili, herufi kwa herufi. Baada ya siku sita upande mmoja ulikuwa na mibofyo 9, mwingine 17. Pengo lilelile la watu wanane, na alama ya kijani ikawaka tena! Kichwa kilikuwa kinajishinda chenyewe. Ukinunua plagini ya aina hii, anza na jaribio hilo kabla ya jingine lolote. Litakuonyesha bahati kwenye blogu yako ina ukubwa gani.

Jambo jingine lililonigharimu ni kuchungulia. Nilikuwa nafungua matokeo kila asubuhi, na siku B ikitangulia sana nasimamisha jaribio. Ukifanya hivyo unaipa bahati nafasi nyingi za kukudanganya. Jaribio ambalo ukiliangalia mara moja tu mwishoni lingekudanganya mara 5 kwa 100, ukilichungulia mara kumi na kusimama pale linapokupendeza, linafika karibu mara 19 kwa 100. Kwa hiyo idadi ya wageni naiandika kwenye daftari kabla ya kuanza, na sisimami hadi ifike.

Idadi hiyo naipataje? Chukua kiwango cha kati cha mibofyo, zidisha kwa sehemu iliyobaki, zidisha kwa 16, kisha gawa kwa mraba wa tofauti unayotaka kuiona. Kama natoka 6 kwa mia na natarajia 8 kwa mia:

```
16 × 0.07 × 0.93 ÷ (0.02 × 0.02) = 2604
```

Hao ni wageni wa upande mmoja. Pande mbili ni zaidi ya 5,200, na kwa wageni wangu 60 kwa siku ni karibu miezi mitatu kwa jaribio moja. Hata hapo, kama tofauti ipo kweli, nina nafasi 80 kwa 100 tu ya kuigundua. Lakini nikitafuta kutoka 6 hadi 12 kwa mia, wanatosha kama 364 kila upande, yaani siku kumi na mbili au kumi na tatu. Basi nimeacha kabisa kujaribu “leo” dhidi ya “wiki hii”. Najaribu vichwa vyenye wazo tofauti, au sijaribu.

Wiki moja matokeo yalikuwa ya ajabu kwa namna nyingine: A kilionyeshwa mara 391, B mara 129. Kipimo kilekile kinafaa hapa pia. Jumla 520, kipeuo karibu 23, mara 2 ni 46, na tofauti ni 262. Hiyo siyo bahati, ni kitu kimeharibika. Ilikuwa keshi: ilihifadhi ukurasa wenye kichwa A na kuwagawia karibu wote. Nikautoa ukurasa wa mbele kwenye keshi, mgawanyo ukarudi nusu kwa nusu, na data ya wiki ile nikaitupa yote. Plagini yenyewe haikutoa onyo lolote, na hilo ni upungufu mkubwa.

Jaribio lililonipa jibu lilihusu dagaa waliokaushwa chini badala ya kwenye vichanja. A: “Namna bora ya kukausha dagaa”. B: “Dagaa wenye mchanga: angalia haya kabla hujalipia gunia”. Nilipanga 400 kila upande, nikasubiri wiki mbili bila kufungua matokeo. A: 21 kati ya 412. B: 46 kati ya 405. Jumla 67, kipeuo 8.2, mara 2 ni 16.4; tofauti 25. Nikabadilisha kichwa siku ileile. Wiki zilizofuata B kilitulia kwenye 8 au 9 kwa mia, siyo ile 11 ya jaribio, na nilitegemea hivyo: kwenye jaribio dogo, anayeshinda mara nyingi amebebwa kidogo na bahati pia. Plagini bado naitumia, ila alama ya kijani nimeizima kwenye mipangilio.