Kundi la bidhaa likibadilika: kuandika juu ya la zamani au kuongeza mstari?

Tuseme duka la Malindi limehamisha maziwa ya unga kutoka "Vyakula" kwenda "Watoto" tarehe 1 Julai. Ukiandika kundi jipya juu ya la zamani katika jedwali la bidhaa, `UPDATE` moja inatosha, ila mauzo ya Machi nayo yanahamia "Watoto", na ripoti iliyokwisha kuchapishwa hailingani tena na ya leo. Njia hii iachie jina lililoandikwa vibaya.

Mimi ningeongeza mstari: wa zamani, wenye ufunguo `bidhaa_sk` 457, unafungwa 30 Juni, mpya unapewa 812. Mauzo ya Machi yanabaki na 457. Hatari ni kuunganisha jedwali la mauzo na la bidhaa kwa msimbo wa bidhaa, ambao ni uleule katika mistari yote miwili: kila mauzo ya maziwa hukutana na mistari miwili, na shilingi zake zinahesabiwa mara mbili. Unganisha kwa `bidhaa_sk`.